Msalaba Tu, Herufi Msiziguse

Kama kuna maneno ambayo Mama Pacha aliyachukia kuliko yote yaliyowahi kusemwa mbele ya kompyuta yake, ni haya: "Ni kitu kidogo tu, unabonyeza tu." Wateja waliyasema. Bosi wake aliyasema. Mumewe aliyasema akiwa amejinyoosha kwenye kochi, soksi moja mguuni na nyingine haijulikani ilipo. Na Jumanne ile aliyasema mavyaa wake kwa simu, salamu hata hazijapoa.

"Hujambo mkwe, pacha hawajambo, haya. Nina kitu kidogo tu. Unabonyeza tu."

Mavyaa alikuwa muuguzi wa siku nyingi. Baada ya kustaafu alifungua zahanati yake, vyumba viwili na benchi la kusubiria, akaiita Faraja, na mtaa mzima ukamwita Mama Zahanati. Mlangoni palikuwa na bango lililodumu miaka kumi na tisa: neno Faraja kwa mwandiko wa kuunganisha, jekundu, na chini yake msalaba, mwekundu vilevile. Sasa ofisi ya afya ilikuwa imemwandikia barua. Msalaba mwekundu kwenye weupe, ilisema barua, ni alama inayolindwa na sheria, si ya kila mwenye bomba la sindano. Abadilishe rangi. Alipewa siku kumi na nne, na mkaguzi angepita Ijumaa. Akiukuta msalaba vilevile, leseni haitahuishwa.

Siku kumi za mwanzo Mama Zahanati alizitumia kuikasirikia barua.

"Msalaba uwe kijani," alisema kwenye simu. "Msalaba tu. Herufi msiziguse."

"Sawa mama. Ila vyote vikiwa kijani si vitapendeza zaidi, vikaenda pa—"

"Barua imetaja msalaba. Imetaja herufi?"

"Haikutaja."

"Basi. Mkinigusia herufi, bora nifunge zahanati nikafuge kuku."

Mama Pacha alimjua. Huyu hakuwa mtu wa kutishia kwa maneno; kuku angewanunua kweli. Na zahanati ikifungwa, lawama ingetafuta mtu wa kumwangukia, naye alikuwa na hakika itapita barabara gani. Miaka tisa ya ndoa, mavyaa hajawahi kuiita kazi yake kazi. Wageni wakiuliza, jibu lilikuwa moja: "Mke wa mwanangu anachezea picha." Alilisema bila ubaya, na hiyo ndiyo iliyoudhi.

Aliomba faili la nembo. Mumewe akatumwa kulitafuta, na hapo ndipo balaa lilipoanza rasmi. Kwanza alimtumia picha ya bango aliyoipiga kwa simu, ikiwa na kivuli cha kichwa chake mwenyewe katikati ya neno Faraja. Akaambiwa hapana, mpenzi, nataka faili. Akatuma picha ya ile picha, safari hii na alama ya chaji ya simu pembeni, asilimia saba. Akaambiwa maneno mengine ambayo si ya kuandika. Ndipo alipopekua droo ya mama yake akapata flashi kuukuu, na ndani ya flashi, Mungu mkubwa, nembo.

Furaha ilidumu mpaka alipoifungua. Ilikuwa picha bapa.

Watu wasiofanya kazi hii hudhani nembo ndani ya kompyuta inakaa kama vyombo mezani: msalaba hapa, neno pale, ukitaka kimoja unakiinua. Inaweza kukaa hivyo, kama aliyeitengeneza alikuwa na huruma, akaweka kila kitu kwenye leya yake, yaani tabaka lake peke yake. Duka lililomtengenezea Mama Zahanati halikuwa na huruma. Lilichukua karatasi aliyoiandika kwa mkono wake, likaipiga skani, likachora msalaba chini ya neno, likajaza kila kitu rangi moja nyekundu, likakandamiza vyote kuwa leya moja na kuhifadhi hivyo hivyo. Karatasi yenyewe mchwa walishaila. Kwa kompyuta hapakuwa na neno wala msalaba. Palikuwa na vidoa vidogo vyekundu na vidoa vyeupe, na kidoa chekundu hakijui kama kimo ndani ya herufi au ndani ya msalaba.

Wala hilo halikuwa baya zaidi. Baya zaidi lilikuwa herufi J. Mama Zahanati, enzi zake, aliivuta J yake kwenda chini kwa mkia mrefu, na mkia huo ulishuka ukazama moja kwa moja kwenye mkono wa juu wa msalaba. Nyekundu juu ya nyekundu. Uliingia, na huko ndani ukapotea.

"Kazi ya dakika mbili," alisema Bosi, ambaye alikuwa amekuja kusimama nyuma ya kiti chake huku akipuliza chai. Duka la Bosi lilikuwa chumba kimoja kirefu: kaunta mbele, kompyuta mbili katikati, na mashine ya kuchapa mabango nyuma, ikinguruma na kunuka wino. "Sogea nikuonyeshe."

Mama Pacha akasogea. Aliye juu mngoje chini. Bosi akafungua ile amri ya kubadilisha rangi, akabofya wekundu wa msalaba, akachagua kijani, akabonyeza.

Nembo yote ikawa kijani, msalaba na neno.

"Aa," alisema Bosi.

"Umeiambia kila chekundu kiwe kijani, Bosi. Na herufi ni nyekundu."

"Najua. Nilikuwa najaribu." Akafuta. Safari hii akazungushia msalaba kisanduku kwa kipanya, ili amri ifanye kazi ndani ya kisanduku tu, akasogeza kitelezi cha rangi. Msalaba ukageuka kijani safi, weupe ukabaki weupe kwa kuwa weupe hauna rangi ya kugeuzwa, na neno likabaki jekundu. Kasoro J. Mkia wake ulikuwa umeingia kwenye kisanduku, kwa hiyo J ilikuwa nyekundu mpaka kiunoni, kisha, kwenye mstari ulionyooka kama uliopigwa rula, ikawa kijani.

"Imevaa suruali," alisema Mama Pacha.

Bosi hakucheka. Alisema mteja hataona. Mama Pacha akasema mteja huyu anaona mpaka vumbi la jana. Akakirudia kiti chake, akachukua ile zana wanayoiita fimbo ya kichawi, ambayo ukigusa nayo mahali pamoja inakuchagulia rangi yote ya namna ile iliyoshikana na pale ulipogusa. Akagusa katikati ya msalaba. Fimbo ikajaza msalaba, ikapanda mkia, ikaingia J, na kwa kuwa mwandiko ulikuwa wa kuunganisha, ikatoka J ikaenda A ya mbele na A ya nyuma, ikatembea mpaka F. Herufi zote zilikuwa zimeshikana mikono, na J ameushika msalaba. Alipokata kwa kukisia pale mkia unapoingia, msalaba ukageuka kijani peke yake, lakini ukingoni ukabaki na utepe mwembamba wa waridi: vile vidoa vya mpakani, nusu nyekundu nusu nyeupe, ambavyo fimbo haikuvihesabu. Kwenye skrini uliweza kujidanganya. Kwenye bango la mita mbili msalaba ungeonekana kama una ugonjwa wa ngozi.

Na J ilikuwa haina mkia. Ilikatika juu ya msalaba kama mtu aliyenyamazishwa katikati ya sentensi.

Jumatano Bosi alichoka. Alikuwa na foleni ya kadi za mwaliko, na Mama Pacha alikuwa anakula saa kwenye msalaba wa ukoo. "Sikiliza, Fundi," alimwambia. "Futa hayo maandishi. Andika upya Faraja kwa fonti. Zipo fonti za mwandiko wa mkono elfu moja. Weka nyekundu ileile. Nani atajua?"

"Amesema herufi zisiguswe."

"Hatuzigusi. Tunazibadilisha."

Mama Pacha alifungua mdomo ajibu, akaona saa ukutani, akaona fomu kumi na mbili zinazosubiri, akafunga mdomo. Hapa asiachiwe mtu mwingine lawama: aliitafuta fonti yeye mwenyewe. Akapata moja yenye mkia wa J mrefu wa kutosha, akaivuta, akaibana, akaipinda, mpaka ikafanana na ile ya zamani kadiri binamu anavyofanana na binamu. Akachapa sampuli kwenye karatasi, akaiambatisha na fomu ya duka. Bosi alikuwa na sheria moja asiyoivunja: hakuna kitu kinachopanda mashine mpaka mteja aweke saini kwenye sampuli. Aliwahi kuchapa mabango arobaini yenye tarehe mbovu, na mteja akaapa hakuwahi kuiona.

Mumewe alipeleka sampuli. Alirudi baada ya saa moja, sampuli mkononi, fomu haina hata nukta.

"Kasema haya maandishi ya nani."

"Hakusema kingine?"

"Kasema hamjui huyu aliyeandika, na yeye hawezi kuingia kwenye nyumba iliyoandikwa na mtu asiyemjua. Kisha kanipa machungwa ya watoto." Akaweka mfuko mezani. "Kwani ni lazima umchokoze?"

Mama Pacha aliusukuma mfuko ukarudi kwake. Siku mbili! Siku mbili za macho kuwasha, kwa ajili ya msalaba wenye pembe kumi na mbili ambao hata mtoto wa chekechea angeupaka kwa kalamu ya rangi, na bado ndiye mchokozi. Alimwambia mumewe ale hayo machungwa yeye mwenyewe na maganda yake.

Usiku alilala vizuri, kwa hasira, na asubuhi ya Alhamisi aliamka na dawa. Dawa ilikuwa rahisi hadi akajishangaa. Mwandishi si yupo? Si mzima? Aandike tena! Neno moja, karatasi nyeupe, kalamu nyekundu; yeye atapiga skani, ataweka neno kwenye leya yake na msalaba kwenye leya yake, na kila mtu ataenda kwao. Alipitia duka la vifaa vya shule akanunua kalamu tatu, nene, ya kati na nyembamba, akaingia zahanati saa mbili na nusu.

Benchini kulikuwa na wagonjwa wawili. Nesi kijana alikuwa anampima mmoja joto. Mama Zahanati alikuwa chumba cha ndani, nyuma ya meza yake, amejifunika mtandio mabegani ingawa hapakuwa na baridi, mbele yake daftari la wagonjwa limefunguliwa.

"Nimekuja kumaliza ugomvi," alisema Mama Pacha, akapanga karatasi na kalamu mezani. "Hutaki herufi za mtu mwingine. Una haki. Basi niandikie zako. Faraja, mara moja tu. Dakika moja."

Mavyaa alizitazama zile kalamu. "Hizi kalamu za watoto."

"Kalamu ni kalamu, mama."

"Karatasi yenyewe nyepesi. Wino utapenya."

"Nimeleta nzito pia." Akaitoa.

"Na meza hii ina mguu mfupi. Siku ile niliandikia ukutani."

"Basi twende ukutani!"

"Mkwe, nina wagonjwa."

"Mama, mkaguzi anakuja kesho!" Sauti ilimtoka kubwa kuliko alivyokusudia, na nje nesi akanyamaza. Mama Pacha akashusha sauti lakini si hasira. "Siku tatu nahangaika na J yako. Kila nikiinua mkono nagusa herufi, nisipogusa herufi siwezi kugusa msalaba. Nakuomba neno moja. Herufi sita. Unaandika majina ya wagonjwa kutwa, hili moja linakushinda nini?"

Macho yake, aliposema hivyo, yalidondokea kwenye daftari. Mwandiko ulikuwa wa duara, safi, wa kishule, i zote zina vitone vyao. Ulikuwa mwandiko wa nesi kijana. Ukurasa wa pili vilevile. Akafunua wa nyuma yake.

Mama Zahanati akainuka, akausukuma mlango ukajifunga, akarudi kukaa. Alichukua kalamu ya kati. Mkono wake wa kulia ulitoka ndani ya mtandio, na hata kabla ya kufika kwenye karatasi ulikuwa unatetemeka, si kidogo, ulitetemeka hadi bangili ikawa inagonga ukingo wa meza. Aliandika F. Ilitoka kama mstari uliochorwa ndani ya gari lililo kwenye mashimo. Akaanza A, akaiacha njiani, akaweka kalamu chini na kuirudishia kifuniko, jambo ambalo lilichukua muda mrefu sana.

"Umeona?" alisema. "Sasa chukua kalamu zako."

Mama Pacha alikosa pa kuweka uso. Alitamani yale maneno ya mwisho ayarudishe kinywani ayatafune. "Tangu lini?"

"Mwaka jana. Kilianza kidole."

"Na sindano?"

"Sichomi. Anachoma yule mtoto, mimi nasimama pembeni. Unadhani ningemchoma mtu na huu? Mimi ni muuguzi, si mwendawazimu." Alikuwa na hasira na macho yamemlowa kwa wakati mmoja. "Dawa anapima yeye, kadi anaandika yeye. Mimi naangalia mgonjwa usoni, namwuliza, najua anaumwa nini. Hicho bado ninacho. Lakini watu wakijua mkono unacheza watasema Mama Zahanati kaisha, na benchi litabaki tupu. Hata mwanangu hajui. Ukimwambia—"

"Simwambii."

"Miaka arobaini nimeandika kadi za watu. Mtoto akizaliwa, naandika mimi. Leo siwezi kuandika hata jina langu. Mwandiko wangu uliobaki mzima duniani ni ule wa kwenye bango." Akajifuta kwa ncha ya mtandio. "Nikasema msiziguse. Mkasikia nawasumbua."

Mama Pacha alikunja karatasi yenye ile F akaitia kwenye mkoba, asiiache pale nesi akaiona. Kisha, kwa kuwa huruma haimalizi kazi na mkaguzi alikuwa bado anakuja kesho, akauliza alichopaswa kuuliza tangu Jumanne.

"Mama, mkia wa J unaishia wapi?"

"Vipi?"

"Ndani ya msalaba. Uliuandika wewe, wao wakachora msalaba juu yake, vyote vyekundu. Mimi siuoni. Hakuna anayeuona. Ukiingia pale unakwenda wapi?"

Mavyaa alimtazama kana kwamba ndiyo mara ya kwanza mtu wa kompyuta anamwuliza swali la maana. "Hauishii juu," alisema. "Unaingia mpaka katikati. Halafu..." Mkono ukatoka ndani ya mtandio, ukataka kuonyesha hewani, ukaona aibu ukarudi. "Nikiuona nitakwambia."

"Basi vaa viatu."

Walifika dukani saa tano. Bosi alikuwa kaunta akigombana na mwenye kadi za mwaliko. Mama Pacha alimvutia mavyaa kiti hadi mbele ya skrini, akaifungua ile picha bapa ya asili, fonti akaitupa, akaanza upya.

Kwanza msalaba. Aliuzungushia njia, mstari wa kukatia, kwa zana ya kalamu, pembe kwa pembe, akitoka nje kidogo ya ukingo ili vidoa vya waridi navyo viwe ndani. Akainakili sehemu ile tu kwenye leya mpya, akasogeza kitelezi. Wekundu ukawa kijani, na waridi wa mpakani ukawa kijani hafifu, ukayeyuka vizuri kwenye weupe. Hapakuwa na utepe wala ugonjwa wa ngozi. Juu ya msalaba, kipande cha J kilichokuwa nje alikiacha nje ya njia, hakukigusa. Neno Faraja lilibaki lilivyokuwa kwenye leya ya zamani, chini ya ile mpya, na leya hiyo akaifunga kwa kufuli mbele ya macho ya mwenyewe.

"Hii kufuli ya nini?"

"Hata mimi sasa siwezi kuzigusa."

Mama Zahanati akaitikia kwa kichwa taratibu. Halafu akasogeza kiti karibu.

Sasa mkia. Mama Pacha akafungua leya ya tatu, juu ya zote, akachukua ule wekundu wa herufi, akaanza pale J ilipokatikia. "Sema."

"Teremka. Teremka. Basi. Hapo pinda kushoto."

"Hivi?"

"Sasa hiyo ndoano ya samaki! Taratibu. Mkono hauvunjiki hivyo."

Akasogeza vishikio vya mstari. "Hivi?"

"Mnene. Hapo nilikuwa nimeshaanza kuinua kalamu. Unakonda."

"Umekonda."

"Umekonda ghafla. Wewe umewahi kuandika kwa mkono, au unajua kubonyeza tu?"

Mama Pacha alivuta pumzi, akahesabu mpaka tano, akafuta. Mara ya nne mkia ulikuwa mfupi. Mara ya sita ulikuwa mrefu, ukalegea. Mara ya saba mavyaa alisema ule wa tatu ulikuwa bora, na wa tatu ulikuwa umeshafutwa. Bosi alipita akasema huo mkia hata ukiachwa hakuna atakayelala njaa. Wote wawili wakamgeukia kwa pamoja, akarudi kaunta. Mara ya tisa Mama Pacha alisema kwamba shetani mwenyewe hana mkia unaosumbua hivi, na mavyaa akasema shetani hakusoma chuo cha uuguzi. Walikuwa hawacheki. Shingo ilimuuma, njaa ilimuuma, na ile sauti sikioni, pinda, legeza, hapana, legeza, ilimfanya atamani kumkabidhi kipanya na kusema haya chora wewe. Hakusema. Ilimjia kwamba ndicho kilichokuwa kinafanyika tayari, kadiri ilivyowezekana kufanyika, na akafuta tena.

Mara ya kumi na moja mavyaa hakusema kitu. Mkia ulishuka, ukapita juu ya kijani, ukapinda bila haraka, ukakonda, ukaisha kabla ya pembe. Mama Pacha akageuka kumtazama. Mwanamke yule alikuwa ameegemea mbele, midomo imefunguka kidogo.

"Huyo," alisema. "Huyo ni mimi."

Sampuli ikachapwa. Mama Pacha aliipeleka kaunta mwenyewe, ikiwa na fomu yake. Bosi aliitazama, akakiri shingo upande kwamba imependeza, akageuza fomu na kumsogezea mteja kalamu.

"Saini hapo mama, niipandishe mashineni. Kesho asubuhi iko mlangoni kwako."

Mama Zahanati aliitazama kalamu. Mwenye kadi za mwaliko alikuwa bado pale, na nyuma yake wateja wengine wawili, mmoja jirani wa mtaa ambaye mwanawe alizaliwa Faraja. Mama Pacha alifungua mdomo aseme mavyaa wake amesahau miwani, uongo wowote, kitu kidogo tu. Kabla hajausema, mavyaa aliichukua kalamu kwa mkono wa kushoto akampa yeye.

"Niandikie."

"Haiwezekani," alisema Bosi. "Samahani mama, ni sheria ya duka. Saini lazima iwe ya mteja mwenyewe, si ya mkwewe."

Mama Zahanati akautoa mkono wa kulia kwenye mtandio na kuuweka juu ya kaunta, wazi, mbele ya watu wote, akauacha utetemeke. Bangili iligonga kioo cha kaunta. Mwenye kadi aliacha kuzungumza. Jirani akaweka kiganja mdomoni.

"Mteja mwenyewe ndiye huyu," alisema. "Mwandiko wangu kwa sasa anao mke wa mwanangu. Leo kafanya kazi kubwa. Mpe kalamu aandike."

Bosi aliinamisha macho, akasema hewala.

Mama Pacha aliinama juu ya fomu. Machozi yalikuwa yanamtoka na hakutaka yadondoke kwenye karatasi, akayafuta kwa bega. Aliandika jina la mavyaa wake taratibu, kwa mwandiko aliokuwa ameuangalia siku tatu mpaka akaujua kuliko wake, herufi zimeshikana, ya mwisho imevutwa chini. Akamaliza, akamgeuzia.

Mama Zahanati aliinua fomu karibu na macho. Akaitazama, akaitazama.

"Mkia mfupi," alisema. "Rudia."

Bosi akafungua droo, akatoa fomu nyingine.